Unukuu, useme kwa maneno yako au ufupishe? Ulinganisho kwa wa mwaka wa kwanza, na kifungu cha sangara cha kufanyia mazoezi

Asainimenti za kwanza zikirudi zimeandikwa "chanzo?" pembeni, wengi wanadhani shida yao ni kusahau mabano yenye jina na mwaka. Mabano ni sehemu ndogo sana ya shida. Kabla hujafika kwenye mabano kuna uamuzi unatakiwa uufanye kila unapotoka kusoma kitu: hiki nilichokisoma nakiingizaje kwenye kazi yangu? Njia ni tatu tu. Unaweza kunukuu, yaani kubeba maneno ya mwandishi vilevile na kuyafungia ndani ya alama za kunukuu. Unaweza kulisema wazo lake kwa maneno yako, kwa urefu unaokaribiana na wa kwake. Au unafupisha, kurasa kumi zinakuwa sentensi moja au mbili. Zote tatu zinataka utaje chanzo, hapo hamna mjadala, ila hazifanyi kazi moja na ukichagua vibaya unaweza ukaweka mabano yote na bado ukaambiwa umeiba.

Badala ya kuongea hewani tuchukue kifungu kimoja tukizungushe pande zote. Nimekitunga mimi kwa ajili ya zoezi hili. Habari za samaki zilizomo ni za kweli ila jina "Mwandishi", mwaka na ukurasa nimeviweka kushikilia nafasi tu, usije ukavipeleka kwenye kazi yako. Tuseme ni cha mwaka 2012, ukurasa wa 42:

> Sangara waliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, lakini ongezeko lao kubwa lilionekana miaka ya 1980. Furu wa aina nyingi walipungua au kutoweka kabisa, ingawa sangara peke yao hawawezi kubebeshwa lawama zote: rutuba iliyozidi majini na upungufu wa oksijeni kwenye vina virefu navyo, katika miaka hiyohiyo, viliwaondolea furu makazi. Sangara waliijenga biashara ya minofu iliyowatajirisha wachache, wakaliacha ziwa na samaki wa aina chache wanaotegemewa na watu wengi.

Na swali ulilopewa ni hili: eleza sababu za kupungua kwa furu Ziwa Viktoria. Mwanafunzi wa Mwanza hata hajapata shida kuelewa, sangara tunawajua na furu wazee bado wanawasimulia, kwahiyo macho yote tuyaweke kwenye namna ya kuandika.

Kwanza tuone kile ambacho sio njia

Kudesa moja kwa moja kila mtu anakujua: unakopi, unapesti, unaweka jina lako juu. Sitakaa sana hapo. Kinachowaumiza wengi ambao kabisa hawakuwa na nia ya kuiba ni hiki hapa:

> Sangara waliletwa Ziwa Viktoria kwenye miaka ya 1950, ila ongezeko lao kubwa lilijitokeza miaka ya 1980. Samaki wadogo wa aina mbalimbali walipungua au kupotea kabisa, japokuwa sangara pekee hawawezi kutupiwa lawama zote (Mwandishi, 2012).

Mabano yapo, mwaka upo, na mwenye kazi analala usingizi akijua amemaliza. Sasa hebu weka hizo sentensi mbili chini ya zile za kifungu uzisome neno kwa neno. "Waliingizwa" imekuwa "waliletwa", "lakini" imekuwa "ila", "lilionekana" imekuwa "lilijitokeza", "kutoweka" imekuwa "kupotea", "ingawa" imekuwa "japokuwa". Mpangilio ni uleule, mawazo yanafuatana vilevile, koma zipo palepale. Haya sio maneno yako, ni maneno ya Mwandishi yaliyotiwa viraka. Mabano yanamwambia lekcha kwamba wazo ni la Mwandishi, ila kwa kuwa hakuna alama za kunukuu yanamwambia pia kwamba sentensi umeiunda wewe, na hilo la pili sio kweli. Ndio maana kazi yenye mabano kila mstari inaweza kurudi na sifuri.

Mtafiti wa uandishi kutoka Marekani, Rebecca Moore Howard, aliliandikia jambo hili mwaka 1993, na hoja yake ni kwamba mara nyingi mwanafunzi anaandika viraka kwa sababu bado anapambana kuyaelewa maandishi magumu, sio kwa sababu ana tabia ya wizi. Nakubaliana naye kabisa, na hiyo inakupa dawa pia: ukijikuta unabadilisha neno moja moja ujue hujaelewa kifungu, rudi ukisome tena, usikimbilie kamusi.

Halafu viraka vina hasara nyingine ambayo haisemwi sana, vinaharibu ukweli. Angalia pale "furu" ilipogeuka "samaki wadogo". Dagaa naye si ni samaki mdogo? Na dagaa hawakutoweka, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi utaona magunia. Kwahiyo mwanafunzi kwa kuogopa kurudia neno la Mwandishi amemsingizia Mwandishi kitu ambacho hakukisema. Majina ya vitu na istilahi za fani hayabadilishwi: sangara atabaki sangara, oksijeni itabaki oksijeni, na hakuna atakayekudai alama za kunukuu kwa neno kama hilo.

Kunukuu: lini inalipa

Kunukuu ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mikono na ngumu kuliko zote kuitetea. Unaandika maneno vilevile, unafunga alama za kunukuu, unaweka jina, mwaka na ukurasa. Kwa APA, mmoja wa mitindo ya kutaja vyanzo, inakuwa hivi:

> Mwandishi (2012) anasema sangara walizaa biashara ya minofu "iliyowatajirisha wachache" na kuliacha ziwa na "samaki wa aina chache wanaotegemewa na watu wengi" (uk. 42).

Kwanini hapa nimenukuu? Kwa sababu ile sentensi ya mwisho ya kifungu ni hukumu ya mwandishi. "Kuwatajirisha wachache" ni msimamo, mwingine angesema biashara hiyo ilileta ajira viwandani na barabara, na kama aya yako inaenda kumpinga au kumuunga mkono basi msomaji ana haki ya kuyaona maneno yake halisi. Sababu nyingine nzuri ya kunukuu ni sheria. Ukiandika kuhusu Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na hoja yako imeshikilia namna kifungu kilivyoandikwa, usikitafsiri kwa akili yako, kibebe kilivyo, maana neno moja la "anaweza" likigeuka "lazima" sheria nzima imebadilika. Fasili za istilahi nazo zinaingia hapa, na mashairi, na kauli ya mtu unayoichambua.

Nje ya hapo mimi nashauri uache. Sentensi inayosema sangara waliingizwa miaka ya 1950 haina chochote cha pekee kwenye maneno yake, ukiinukuu umejaza karatasi na maneno ya watu na lekcha hajaona kama umeelewa. Kazi ya kurasa nne yenye nukuu kumi na mbili ni mkusanyiko wa watu wengine wanaoongea na wewe umekaa pembeni.

Na kuwa makini na mkono wako wakati wa kunukuu. Ukiruka maneno katikati weka nukta tatu, ila usiruke maneno yanayobeba maana. Mtu akiandika "sangara ... viliwaondolea furu makazi" amekata kipande chote cha rutuba na oksijeni na amemfanya Mwandishi aseme kinyume cha alichosema. Hata sarufi imemkimbia, "sangara viliwaondolea", na makosa ya aina hiyo ndiyo yanamfanya msahihishaji aende kufungua chanzo. Nukuu ikifika maneno 40 na kuendelea, APA wanataka uitoe kwenye aya, uisogeze ndani, bila alama za kunukuu.

Kusema kwa maneno yako: hii ndiyo ya kila siku

Kwa asainimenti nyingi za mwaka wa kwanza njia hii ndiyo ya kuiegemea, na ndiyo inayotaka kazi. Hatua ninazozishauri ni hizi. Soma kifungu mpaka ukifunge kitabu uweze kumweleza rumeti wako bila kuchungulia. Funga kweli, au geuza simu kifudifudi. Kwenye karatasi andika vipengele tu, sio sentensi. Kwa kifungu chetu ningeandika: sangara + maji yenyewe, rutuba imezidi, oksijeni chini haitoshi, miaka ya 80. Basi. Kisha jiulize swali lako linataka nini kwanza. Swali letu linataka sababu za furu kupungua, halina haja na mwaka ambao sangara aliingizwa wala biashara ya minofu, kwahiyo kifungu chote hakihitajiki na hoja inaweza kuanza na kile ambacho Mwandishi alikiweka katikati:

> Kwa mujibu wa Mwandishi (2012), furu hawakumalizwa na sangara tu. Wakati sangara wanaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, ziwa lenyewe nalo lilikuwa linabadilika: maji yalijaa rutuba kupita kiasi, kule chini oksijeni ikawa haitoshi, na furu wakakosa pa kuishi.

Linganisha na ile ya viraka. Hapa mpangilio ni wa swali, sio wa kifungu. Mkazo umehamia kwenye ziwa lenyewe. Maneno yaliyobaki ni yale yasiyo na mbadala: furu, sangara, rutuba, oksijeni. Baada ya kuandika ndio unafungua chanzo tena na kukagua vitu viwili. Cha kwanza, kuna mahali maneno manne au matano yamefuatana sawasawa na ya kwake? Kama yapo, ama vunja sentensi uiunde upya ama ukubali kunukuu. Hiyo idadi sio sheria ya popote, ni kipimo cha macho tu, lakini kinasaidia. Cha pili na kikubwa zaidi, je maana imebaki? Ile "ingawa sangara peke yao hawawezi kubebeshwa lawama zote" ndiyo uti wa mgongo wa kifungu, na ndiyo inayodondoka kwa urahisi kwa sababu mtu anakuja na anachokijua tayari kutoka sekondari, kwamba sangara alikula furu akawamaliza. Ukiandika "Mwandishi (2012) anasema sangara ndio waliomaliza furu" hujaiba chochote, maneno ni yako, mabano yapo, lakini umemtolea mtu ushahidi wa uongo. Kwa maoni yangu hilo ni zito sawa na kukopi.

Ukurasa kwenye njia hii APA hawakulazimishi, ila weka tu, hasa kama chanzo ni kitabu kinene. Wewe mwenyewe utakapokitafuta tena usiku wa kuamkia kukusanya kazi utashukuru.

Kufupisha: pale chanzo ni mandhari tu

Tuseme asainimenti yako ni kuhusu mikopo kwa wachuuzi wa dagaa, na habari ya furu unaitaka iwe utangulizi tu. Hapo hauhitaji rutuba na oksijeni, unahitaji sentensi moja:

> Aina za samaki Ziwa Viktoria zilipungua sana kuanzia miaka ya 1980, kutokana na sangara pamoja na mabadiliko ya maji yenyewe (Mwandishi, 2012).

Tofauti na njia iliyopita ni kwamba hapa unaacha mengi kwa makusudi. Hatari yake nayo ipo palepale, ufupisho unapenda kumeza "ingawa" na "pengine" na "kwa baadhi ya maeneo", kwahiyo hizo ndizo za kuzihesabu kabla hujaweka nukta. Hatari ya pili ni kufupisha kitu ambacho hujakisoma, umesoma muhtasari wa ukurasa wa kwanza tu halafu unasema kitabu kizima kinasema hivi. Kama umesoma sura ya 3, taja sura ya 3.

Kwahiyo nichague ipi?

Jiulize ninachokihitaji kutoka kwenye chanzo ni nini. Kama ni maneno yenyewe, yaani ukiyabadilisha hoja yako inakufa, nukuu. Kama ni wazo na unaenda kulitumia kwa kina, liseme kwa maneno yako. Kama ni mandhari ya kupita, fupisha. Kwenye ukurasa mmoja unaweza kuzichanganya zote, na aya nzuri nyingi ziko hivyo: mtu anasema kwa maneno yake, kisha anabana nukuu ya maneno matano pale ambapo mwandishi ametumia lugha yenye uzito.

Kuna hali moja inayotuhusu sana sisi na vitabu vya mwanzo havikai nayo. Unasoma makala ya Kiingereza, unaandika kazi ya Kiswahili, au kinyume chake. Wengi wanaona wakishatafsiri basi maneno yamekuwa yao, na programu ya kukagua haishtuki, wanapita. Wazo bado ni la mwenyewe, na ukitafsiri sentensi moja moja kwa mpangilio wake hivyo ni viraka vilevile kwa lugha nyingine. Sasa je, tafsiri yako uiwekee alama za kunukuu? APA toleo la 7 wanasema hapana, ukitafsiri mwenyewe inahesabiwa kama umesema kwa maneno yako, maana mwandishi hakuyaandika hayo maneno ya Kiswahili. Unataja chanzo bila alama za kunukuu. Lakini kama kuna tafsiri iliyochapishwa na wewe umeitumia hiyo, unainukuu kama nukuu ya kawaida na kwenye orodha ya marejeo unamtaja na mfasiri.

Kuhusu Turnitin, programu ya kukagua kufanana kwa maandishi, ile asilimia ni ya maandishi yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yake, haijui nani kaiba. Orodha ya marejeo inaweza kuipandisha, nukuu halali zinaipandisha, hata swali mlilopewa darasa zima mkilikopi juu ya kazi linaipandisha. Na mtu aliyeiba wazo akaliandika upya bila kutaja chanzo anaweza kutoka na asilimia ndogo kabisa na bado ameiba. Fungua ripoti usome kilichopigwa rangi, namba peke yake haikuambii kitu.

Mitindo ya mabano fuata ya idara yako tu. Wengi wa sayansi za jamii ni APA, `(Mwandishi, 2012, uk. 42)`. Idara nyingi za Kiswahili utakuta `(Mwandishi, 2012: 42)`. Wengi wa afya wamezoea Vancouver, ambayo inatumia namba kwa mfuatano wa kutokea. Uamuzi wa nukuu, maneno yako au ufupisho haubadiliki kwa sababu ya mtindo.

Mazoezi, jibu kwanza ndio usome jibu langu

La kwanza. Umeandika: "Meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996." Utataja chanzo? Hapana, hilo ni jambo linalojulikana na utalikuta kila mahali bila ubishi. Ila ukiongeza idadi ya waliokufa lazima utaje, kwa sababu idadi inatofautiana kati ya chanzo na chanzo na msomaji anatakiwa ajue wewe umechukua ya nani.

La pili. Lekcha kwenye slaidi zake ameweka maelezo ya furu na chini kaandika (Mwandishi, 2012). Wewe kitabu hujakiona. Unaandikaje? Wengi wanakopi yale mabano, na hapo wanadai wamesoma kitabu ambacho hawajakigusa. Kitafute maktaba kwanza, ukikosa andika "Mwandishi (2012, kama alivyotajwa katika ...)" na utaje slaidi au kitabu ulichokisoma kweli, na kwenye orodha ya marejeo kinaingia hicho ulichokisoma, sio kile kingine.

La tatu ndilo gumu, lisome mara mbili:

> Oksijeni ilipungua kwenye vina virefu na furu wakakosa makazi. Wachuuzi niliozungumza nao Mwaloni wanasema furu wakubwa hawaonekani tena sokoni. Biashara yote imehamia kwenye sangara na dagaa (Mwandishi, 2012).

Hakuna neno lililoibwa hapa, ila mabano yamekaa mwisho wa aya na yamebeba kila kitu. Msomaji ataelewa kwamba Mwandishi ndiye aliyeenda Mwaloni, wakati ni wewe uliyeenda, na kwamba Mwandishi amezungumzia dagaa wakati kwenye kifungu chetu dagaa hatajwi kabisa. Mabano yaliyowekwa mwisho hayarudi nyuma kufunika aya nzima kwa haki. Irekebishe kwa kumtaja mwenye wazo mwanzoni mwa wazo lake na kujitaja mwenyewe mwanzoni mwa la kwako:

> Mwandishi (2012, uk. 42) anaeleza kuwa kupungua kwa oksijeni kwenye vina virefu kulichangia furu kukosa makazi. Katika mazungumzo yangu na wachuuzi wa Mwaloni Kirumba, walisema furu wakubwa hawaonekani tena sokoni. Kutokana na hayo naona biashara imehamia zaidi kwenye sangara na dagaa.

Sentensi ya kwanza ni ya kwake, ya pili ni ya wachuuzi kupitia kwako, ya tatu ni yako na umeisimamia. Ukiangalia vizuri kuna neno moja zaidi nimelibadilisha, "kulichangia". Ile ya mwanzo ilisema oksijeni ilipungua na furu wakakosa makazi, kana kwamba ndiyo sababu pekee, wakati Mwandishi alitaja sangara, rutuba na oksijeni kwa pamoja.